Kumsifu Mwalimu kwa Mizani

Katika vyuo vikuu ipo desturi moja ambayo vijana wa shule hawapati kuiona kwa urahisi, maana matunda yake hukaa katika rafu za maktaba kubwa. Profesa anapotimiza umri wa miaka sitini, au anapostaafu, wenzake na wanafunzi wake wa zamani hukutana kumheshimu, nao hawamheshimu kwa karamu tu, bali kwa kalamu. Kila mmoja huandika insha juu ya elimu ile aliyoifundisha mkubwa wao. Kisha insha hizo hufungwa pamoja katika kitabu kimoja, naye mzee hukabidhiwa kitabu hicho kama vile mzee wa kijiji anavyovikwa vazi la heshima mbele ya watu. Desturi hii ilikua katika vyuo vya Ujerumani katika karne ya 19, ikaenea ulimwenguni. Kwa lugha yetu twaweza kukiita kitabu cha heshima.

Mwanzoni mwa kitabu cha namna hiyo huwekwa mara nyingi insha inayomhusu profesa mwenyewe, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mwandishi wake ana mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni shukrani, kwa kuwa mtu anayesifiwa yu hai, ataisoma insha ile kwa macho yake, na yamkini ndiye aliyemfundisha mwandishi kushika kalamu. Bwana wa pili ni ukweli, kwa kuwa wasomaji wa kitabu ni wanachuoni, na wanachuoni hawashibi kwa sifa. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kitabu cha heshima mambo yamegeuka: mgema amekwisha kushuka mnazini, tembo lake limekwisha kunywewa, anayeweza kulitia maji sasa ni yule anayemsifu.

Mimi ni mwalimu. Nilifunzwa kazi katika chuo cha ualimu, na sasa nafundisha Kibomet, kando ya mji wa Kitale, ambako watoto wa Wabukusu, wa Wasabaoti na wa makabila mengine huketi benchi moja. Somo langu moja ni dini. Kwa hiyo nataka, msomaji, tujaribu pamoja insha ile ngumu, tukimchukua mtu ambaye kwa kweli aliandikiwa kitabu cha heshima, naye ni mwana wa Kenya: Profesa John Samuel Mbiti. Kitabu chake kilitolewa Berlin mwaka 1993, baada ya yeye kupita umri wa miaka sitini. Wahariri wake walikuwa wawili, Jacob Olupona wa Nigeria na Sulayman Nyang wa Gambia. Na habari ya kupendeza ni kwamba Nyang alikuwa Mwislamu, hali Mbiti alikuwa kasisi wa Kikristo. Somo la kitabu lilikuwa wingi wa dini katika Afrika.

Tuanze na maisha yake, kwa ufupi, kwa sababu katika insha ya heshima maisha si pambo. Ni lazima yatuonyeshe swali lilitoka wapi. Mbiti alizaliwa mwaka 1931 huko Mulango, katika Kitui, nchi ya Wakamba. Alisoma Alliance, kisha Makerere, kisha Amerika, na mwaka 1963 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1964 alirudi Makerere kufundisha, akakaa huko miaka kumi. Baadaye alikwenda Uswisi, akaongoza chuo cha umoja wa makanisa cha Bossey, akawa mchungaji wa kanisa katika mji mdogo wa Burgdorf, na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Bern. Alifariki dunia Oktoba 2019.

Swali lake lilitoka Kitui. Wamisionari waliohubiri huko walitia mkazo mkubwa juu ya mwisho wa dunia: kurudi kwa Bwana, hukumu, moto, na mji wa mbinguni wenye njia za dhahabu. Mbiti aliona kwamba Wakristo wengi wa Kikamba waliyapokea maneno hayo kama yalivyo, wakayangojea kama mtu angojeavyo mgeni aliyekwisha kuonekana mlimani. Kwa nini? Mtu mvivu angesema kwamba watu wale hawakuwa na elimu. Mbiti hakukubali jibu hilo. Alisema kwamba sababu imo katika namna Wakamba walivyoufikiri wakati wenyewe, na kwamba mhubiri aliyeleta habari za mambo ya mbali yajayo alikuwa akiimimina mbegu mahali asipopajua udongo wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha ya utafiti wake wa Cambridge, uliotolewa kuwa kitabu mwaka 1971.

Sasa, sifa yake ya kwanza ni ipi, ile ambayo hata adui wa haki hawezi kumnyima? Ni kazi ya kukusanya. Aliporudi Makerere alitakiwa kufundisha dini za asili za Waafrika, na vitabu vya kufundishia havikuwako vya kutosha. Maandishi mengi yaliyokuwapo yalikuwa ya wageni, na katika mengi ya hayo dini ya baba zetu iliitwa ushirikina, au uchawi, au ibada ya mizimu, kana kwamba ilikuwa takataka ya kufagiliwa kabla nyumba haijajengwa. Kutoka katika mihadhara yake kilizaliwa kitabu cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Afrika, kilichosomwa katika vyuo vya dunia nzima. Mwaka uliofuata alitoa kingine, ambacho ndani yake alikusanya mawazo juu ya Mungu kutoka kwa makabila yapatayo 300. Kabla ya hapo, mwaka 1966, alikuwa amekwisha kutoa hadithi za Wakamba alizozikusanya mwenyewe. Ukiona leo kwamba mwanafunzi wa Kenya anafundishwa juu ya urithi wa dini wa Kiafrika katika somo lile lile analosomea Biblia, bila ya mwalimu kuona haya, ujue kwamba njia hiyo ilifyekwa na watu wachache, na Mbiti ni mmoja wa waliokuwa mbele na panga.

Angalia, msomaji, namna sifa hiyo ilivyotolewa. Hatukusema kwamba alikuwa nyota, wala bahari ya hekima, wala simba wa elimu. Tumetaja alichokikuta, alichokitenda, na kilichobadilika. Sifa ya namna hiyo yaweza kuchunguzwa, na kwa kuwa yaweza kuchunguzwa ina uzito. Lakini mtu akiishia hapo hajaandika ila nusu ya insha.

Nusu ya pili yahusu wazo lake mashuhuri kuliko yote, nalo ametulipa sisi wasemaji wa Kiswahili heshima ya pekee, kwa sababu alilieleza kwa maneno mawili ya lugha yetu: Sasa na Zamani.

Mbiti alisema kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati si kamba iliyonyooka inayotoka nyuma na kwenda mbele bila mwisho. Wakati ni mambo yaliyotendeka. Pasipo tendo hapana wakati. Mtu aliyeketi chini ya mti hapotezi wakati, bali anaungojea au anauumba. Mambo yaliyotendeka ni mengi, kwa hiyo wakati uliopita ni mrefu mno. Mambo yanayotendeka leo yapo. Lakini mambo yajayo hayajatendeka, kwa hiyo hayawezi kuwa wakati wa kweli, isipokuwa yale yaliyo karibu sana au yale yasiyokosa kuja, kama vile masika kufuata kiangazi. Sasa, katika maana yake Mbiti, ni mambo tunayoishi nayo: leo, siku chache zijazo, na yale tunayoyakumbuka. Zamani ni bahari kubwa iliyo nyuma, ambamo kila Sasa huzama mwishowe. Wakati, basi, haukimbilii mbele. Unarudi nyuma, kama maji yanayovutwa na kina.

Wazo hili lina uzuri wa kweli, na uzuri wake waonekana zaidi katika habari ya wafu. Babu akifa, bado anakumbukwa kwa jina na watu waliomjua. Hutajwa chakulani, humiminiwa pombe kidogo, mtoto hupewa jina lake. Huyo, alisema Mbiti, ni mfu aliye hai. Bado yumo katika Sasa. Hudumu hivyo kwa vizazi vinne au vitano. Afapo mtu wa mwisho aliyemjua kwa uso na jina, ndipo babu anapozama katika Zamani na kuwa roho miongoni mwa roho zisizo na jina. Mtu yeyote aliyekulia hapa kwetu, akasikia watoto wakiitwa kwa majina ya wazee waliolala, huona mara moja kwamba mwandishi huyu alikuwa akisema juu ya watu halisi.

Lakini mwanachuoni haulizi tu kama wazo ni zuri. Huuliza limesimama juu ya nini. Mbiti alilisimamisha hasa juu ya vitenzi vya lugha mbili, Kikamba na Kikuyu. Alizipanga nyakati za vitenzi, akakuta kwamba zipo tatu za mambo yajayo, na kwamba zote zinaishia karibu: miezi sita hivi, wala si zaidi ya miaka miwili. Kutoka hapo alivuka, akasema juu ya Waafrika kwa jumla. Hapo ndipo daraja linapotikisika. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1987, alijibu kwamba Waakani wanalo neno lao la wakati ujao, tena hauna kikomo cha miaka miwili. Na kwamba lugha mbili za Kenya haziwezi kulisemea bara zima. Nasi hatuna haja ya kwenda Ghana. Katika Kiswahili chetu mtu husema “nitafika kesho” na “dunia itakwisha” kwa kiambishi kile kile cha “ta”, ambacho chenyewe hakina kikomo. Tena sisi tusemapo sasa hatumtii ndani yake babu aliyekufa miaka thelathini iliyopita. Mbiti aliyachukua maneno yetu, akayapanua kwa haja ya hoja yake. Ni halali kufanya hivyo, lakini msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba maana ile ilikuwamo katika maneno tangu awali.

Tulipofika hapo darasani niliona kwamba hoja hii yaweza kupimwa papa hapa, wala si kwa vitabu. Niliwaagiza wanafunzi waende nyumbani wakawaulize wazee juu ya marika ya tohara, yaani makundi ya watu waliotahiriwa pamoja katika kipindi kimoja. Wabukusu hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti. Basi kila baada ya miaka miwili msimu hurudi, na barabara za Bungoma na Trans Nzoia hujaa njuga na nyimbo. Misimu kadhaa ikifuatana, ya miaka kumi au kumi na miwili hivi, hufanya rika moja lenye jina lake. Na majina hayo hayatungwi upya. Ni manane, nayo hufuatana kwa utaratibu usiobadilika: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika la Sawa likifungwa, hurudi Kolongolo.

Wanafunzi walirudi na majina hayo yameandikwa daftarini. Msichana mmoja Msabaoti alimtazama jirani yake, akainua mkono, akasema, “Mwalimu, haya ni ya kwetu.” Hakukosa. Kalenjin nao wana Maina, Chumo, Sowe, Korongoro, Kipkoimet, Kimnyige na Nyongi. Ni majina yale yale, yamebadilika kidogo tu kinywani. Kabila mbili zenye lugha zilizo mbali kabisa, moja ya Kibantu na nyingine isiyo ya Kibantu, zina saa moja ya ukutani.

Tukafanya hesabu ubaoni. Marika manane, kila moja miaka kumi na miwili, ni miaka 96. Tuseme karne moja, kwa kuwa hesabu hii haiwi kamili siku zote. Mzee wa Kibukusu, basi, aweza kuketi barazani na kukutajia jina la rika atakalotahiriwa mwana wa mjukuu wake, mtoto ambaye mama yake hajazaliwa. Huo si wakati wa miezi sita, wala wa miaka miwili. Ni wakati ujao wa miaka mingi, wenye mpango na jina, katika vichwa vya watu wasiopata kusoma falsafa.

Je, tumemshinda profesa? Mwanafunzi mmoja aliyependa mabishano alitaka tuandike hivyo ubaoni. Nikamwambia angoje, kwa sababu katika insha ya heshima kuna sheria moja isiyoandikwa: kabla ya kumhukumu mzee, mjibie kwanza kama ambavyo angejijibu mwenyewe. Mbiti angesema nini? Angeweza kusema: mambo yasiyokosa kuja, yanayofuata mzunguko wa maumbile, nimeyataja mimi mwenyewe, nimeyatenga na wakati wa kweli, nikasema kwamba ni wakati ulio katika uwezekano tu. Marika yenu ni ya jamii hiyo. Yanakuja kama mvua. Tena yatazameni vizuri: Kolongolo ajaye si kitu kipya, ni Kolongolo wa kale anayerudi. Mzee wenu haangalii mbele. Anaiangalia Zamani ikizunguka.

Jibu hilo si dogo. Mzee mmoja niliyemwuliza habari hii alikunja kidole akachora duara hewani, akaniambia, “Mwalimu, mwanangu, rika halipotei, lilikwenda, linakuja.” Hapo alikuwa upande wa Mbiti bila ya kumjua. Lakini jibu hilo halitoshi. Mvua huja yenyewe; rika haliji lenyewe. Laja kwa sababu watu wanalileta: baba hutunza ndama akijua atahitajiwa lini, kijana huvaa njuga na kuwazungukia jamaa kuwaalika, wazee huamua msimu ufunguliwe. Ni tendo la watu lililokusudiwa kabla, nalo limekusudiwa mbali. Kwa hiyo hukumu yangu, ambayo ningeiandika katika kitabu cha heshima bila ya kuona haya mbele ya mzee, ni hii: Mbiti alipata aliposema kwamba watu wetu walipima wakati kwa matendo wala si kwa tarakimu tupu, alipata pia kuhusu wafu walio hai, lakini alipoweka kikomo cha miaka miwili, na alipokitandaza kikomo hicho juu ya Afrika nzima, alikwenda mbali kuliko ushahidi wake ulivyoweza kumchukua.

Iko lawama ya pili ambayo mwandishi mwaminifu hawezi kuipita kimya, nayo ilitoka karibu sana. Okot p'Bitek wa Uganda, mshairi na mwanachuoni wa mila, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba wataalamu Wakristo wa Kiafrika, na Mbiti miongoni mwao, wanaivika miungu ya Kiafrika kanzu za Wayunani. Maana yake ni kwamba wanayachukua maneno ya falsafa ya Ulaya, kama vile mwenye uwezo wote, mwenye kujua yote, aliye mahali pote, kisha wanatafuta katika kila kabila kitu cha kutia chini ya kila neno. Okot alisimulia kisa kimoja cha kwao Acholi. Wamisionari waliwauliza wazee, “Ni nani aliyewaumba?” Neno la kuumba kwa maana hiyo halikuwako katika lugha, swali likageuka kuwa, “Ni nani aliyewafinyanga?” Wazee wakakumbuka kwamba yuko Rubanga, roho anayewafinyanga watu vibiongo kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Wakamtaja huyo. Basi jina la roho wa ugonjwa likawa jina la Mungu katika vitabu vya dini.

Pima na hili kwa mambo ya hapa. Mungu wa Wabukusu ni Wele, na Wakristo wengi wa Kibukusu humwomba kwa jina hilo hata leo. Lakini mtafiti Günter Wagner, aliyeandika juu ya watu wa magharibi ya Kenya kabla ya nchi kupata uhuru, alikuta kwamba Wabukusu walitaja pia Wele Gumali, mungu mweusi aletaye mabaya, ambaye Wele mweupe humfukuza. Sasa mtie Wele katika orodha yenye kichwa cha habari kisemacho “Mwenye uwezo wote”. Je, anaingia? Ikiwa anaingia, yule mweusi tumfiche wapi? Kitabu chenye makabila 300 hakina nafasi ya kuuliza swali hilo kwa kila kabila. Huo ndio upungufu wa kukusanya kwa upana: unapata mengi, lakini kila moja hutolewa katika nyumba yake, likapangwa sokoni kando ya vitu lisivyovijua.

Na hapa pia tumjibie mzee. Mbiti hakuficha kwamba alikuwa Mkristo, wala hakudai kuandika kama mtu asiye na imani. Aliamini kwamba Mungu wa Biblia ndiye aliyekuwa akijulikana na baba zetu kabla ya mmisionari kushuka melini. Kwa mtu mwenye imani hiyo, kufanana kwa majina na sifa si bahati, ndiko anakokutarajia. Okot hakuwa na imani hiyo, kwa hiyo alikuona kufanana kule kuwa ni kazi ya mshonaji. Msomaji asiyejua kila mmoja wao alisimama wapi atadhani wanabishana juu ya Acholi au Kitui tu, hali wanabishana juu ya Mungu mwenyewe. Mwandishi wa insha ya heshima ana wajibu wa kulisema hilo waziwazi, kisha kuwaachia wasomaji.

Pengine utaniuliza, msomaji: je, si utovu wa adabu kutaja lawama mbele ya mzee siku ya heshima yake? Nasema, tazama namna lawama inavyotajwa. Insha mbaya za heshima ni za aina mbili, na dalili zake ni nyepesi kuzitambua. Ya kwanza ni ya uvumba mtupu. Dalili yake ni kwamba ukilifuta jina la profesa na kuliandika jina la profesa mwingine, hakuna sentensi inayoharibika. Ya pili ni ya kisu: mwandishi ambaye kwa miaka ishirini alikaa kimya hungoja siku ya karamu apate kutoa uchungu wake. Dalili yake ni kwamba wazo la mzee limefupishwa hata likawa pumbavu, ili lipigwe kwa urahisi. Insha njema hulieleza wazo la mzee kwa nguvu zake zote, hata msomaji akakaribia kuliamini; ndipo inapolipima. Anayelipima wazo lako hivyo amekuheshimu, kwa sababu hupimwa kwa mizani kile kinachodhaniwa kuwa ni dhahabu. Mchanga hupimwa kwa sepetu.

Tena wazo la Sasa na Zamani lilizaa zaidi ya sifa. Gyekye asingalitafuta mahali neno la Waakani lilipoishia kama Mbiti hakusema kwanza kwamba Waafrika hawana neno la namna hiyo. Wala mimi nisingaliwatuma watoto wa Kibomet kwa babu zao. Kosa lililo wazi, lililosemwa kwa ujasiri na kwa mifano, hufundisha kuliko kweli iliyosemwa kwa woga.

Linabaki jambo moja ambalo kitabu cha mwaka 1993 hakikuweza kulijua, kwa kuwa lilikuwa halijatimia. Mwaka 2014, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, Mbiti alitoa Agano Jipya kwa Kikamba, alilolifasiri mwenyewe kutoka Kiyunani. Fikiri juu ya kazi ile. Agano Jipya limejaa ahadi za mbali: atakuja, watafufuka, hapatakuwa na machozi tena. Kila moja ya ahadi hizo ilimtaka mfasiri achague kitenzi cha Kikamba cha wakati ujao, yule yule mtu aliyekuwa ameandika zaidi ya miaka arobaini kabla kwamba vitenzi hivyo vinaishia karibu. Hapakuwa na njia ya kupita kando. Ilimpasa aichukue lugha ya mama yake, aivushe ng'ambo ya kikomo alichokiweka mwenyewe, sentensi baada ya sentensi, hata ufunuo wa mwisho. Akafika. Kama ningeombwa kuongeza ukurasa mmoja katika kitabu chake cha heshima, ningeandika juu ya vitenzi hivyo.